Kugeuza mhadhara wa maadili kuwa kadi za mikasa kwa kikundi cha kujisomea

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, na walimu wao, walio na noti za mhadhara wa maadili na kikundi cha watu wanne hadi sita kinachokutana kwa diskasheni. Nimechagua mhadhara mmoja, ule wa siri ya mgonjwa na mipaka yake, nikaufuata mwanzo hadi mwisho. Nimeuchagua kwa sababu karibu kila mwanafunzi anaufaulu kwenye mtihani, halafu anababaika siku ya kwanza wodini ndugu wa mgonjwa anapomshika mkono na kumuuliza, "Nesi, kwani ana ugonjwa gani?"

Mhadhara wa kawaida unakupa kanuni: heshimu uamuzi wa mgonjwa, mtendee mema, usimdhuru, mtendee haki, tunza siri yake. Kila moja ikisimama peke yake haina mpinzani, na ndiyo maana diskasheni ya kanuni huisha haraka, kila mtu akitikisa kichwa. Kazi ya kadi ni kuzikutanisha kanuni mbili mahali ambapo huwezi kuzitimiza zote kikamilifu kwa wakati mmoja. Kama kadi yako haina mgongano huo, umeandika swali la kukumbuka noti, si mkasa.

Hatua ya kwanza: punguza mhadhara uwe sentensi chache

Usianze kwa kutunga hadithi. Anza na noti zako na karatasi tupu. Pitia mhadhara wote na uandike kila dai la wajibu kwa sentensi moja fupi yenye mtendaji: nani anatakiwa kufanya nini kwa nani. Slaidi inayosema "Umuhimu wa usiri" haina dai. Ukiuliza "kwa hiyo muuguzi afanye nini?", ndipo unapata sentensi ya kuandika: "Muuguzi hamwambii mtu mwingine matokeo ya kipimo bila ridhaa ya mgonjwa."

Mhadhara wa saa mbili kuhusu siri ya mgonjwa mara nyingi utakuachia sentensi zisizozidi kumi. Hizi hapa ni tano zinazotosha kwa kazi yetu:

1. Muuguzi anatunza siri ya yote aliyoyajua kwa sababu ya kazi yake.
2. Taarifa hutolewa kwa ridhaa ya mgonjwa, isipokuwa pale sheria inaporuhusu au kuagiza vinginevyo.
3. Mgonjwa asiyeamini kwamba siri yake itatunzwa ataficha dalili au ataacha kuja.
4. Muuguzi ana wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mtu mwingine anayejulikana.
5. Wahudumu wanaomtibu mgonjwa wanapeana taarifa zile tu zinazohitajika kwa matibabu yake.

Sasa chukua kalamu ya rangi upige mstari chini ya maneno yanayofungua mlango: "isipokuwa", "pale inapobidi", "kwa kawaida", "zile tu zinazohitajika". Mhadhiri anayapita upesi kwa sababu muda hautoshi, lakini mikasa yote mizuri imejificha hapo. Sentensi ya pili na ya nne zimebeba uzito wote wa mhadhara huu. Ya tano nayo ina utajiri wake, kwa kuwa neno "zinazohitajika" halisemi nani anapima hitaji hilo.

Hatua ya pili: chagua sentensi mbili zinazogongana

Weka sentensi ya kwanza kando ya ya nne ujiulize: ni katika hali gani kutii moja ni kuvunja nyingine? Kwa siri na kinga ya mtu wa tatu, jibu linakuja lenyewe: mgonjwa ana maambukizi yanayoweza kumfikia mwenzi wake, na hataki mwenzi ajue.

Mhadhara wako huenda tayari una mfano wa mgongano huo kutoka mbali. Unaotajwa sana vyuoni ni kesi ya Tarasoff ya California. Mgonjwa alimwambia mtaalamu wa saikolojia wa chuo kikuu kwamba alikusudia kumuua msichana fulani. Polisi walijulishwa, wakamshikilia kwa muda mfupi na kumwachia, lakini msichana mwenyewe hakuonywa. Aliuawa mwaka 1969, na mwaka 1976 mahakama kuu ya jimbo ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu anayetishiwa. Kesi hiyo inafundisha vizuri sura ya mgongano. Hata hivyo, usiihamishe nzima nzima kwenye kadi. Hukumu ya California haimfungi muuguzi wa Morogoro wala wa Kisumu, na kikundi kikipewa kisa pamoja na hukumu yake kitajadili kama mahakama ilikuwa sahihi, badala ya kujadili wao wangefanya nini. Chukua mgongano, uache hukumu.

Kwa kipindi cha dakika tisini andaa kadi tatu zenye mgongano mzito na moja nyepesi ya kufungulia. Kadi nyepesi ni ile yenye jibu lililo wazi: mwanafunzi amepiga picha ya kidonda cha kuvutia na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, jina halionekani lakini namba ya kitanda inaonekana. Watu wanaipatia jibu, midomo inafunguka, mnaendelea. Nzito huhitaji dakika ishirini hadi ishirini na tano kila moja. Ukiweka sita, mtazikimbilia zote na hakuna itakayochimbwa.

Hatua ya tatu: andika mkasa wenyewe

Hapa ndipo kadi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tazama kwanza kadi iliyoandikwa vibaya:

> Bwana mmoja mzinzi ana VVU na anaendelea kumficha mke wake asiye na hatia. Muuguzi anajua. Je, ni sahihi muuguzi kukaa kimya?

Ina makosa matatu. Maneno "mzinzi" na "asiye na hatia" yameshatoa hukumu, na msomaji hana la kufanya ila kuunga mkono. Muuguzi hayupo mahali popote wala hakabiliwi na saa yoyote, "anajua" tu. Na swali linajibiwa kwa ndiyo au hapana. Kikundi kitapiga kura na kufunga daftari.

Sasa mgongano huohuo, ukiandikwa kwa namna inayomlazimisha msomaji aingie ndani:

> Wewe ni muuguzi wa zamu ya asubuhi katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu. Dereva wa lori mwenye miaka 38 amekuja kuchukua dawa za kufubaza VVU alizoanza wiki sita zilizopita. Anapokunja kadi yake anasema kwa sauti ya chini: "Sista, mke wangu anahudhuria kliniki ya wajawazito hapahapa. Naomba hili libaki kati yangu na wewe." Mke wake unamfahamu. Ana mimba ya miezi sita, na kipimo cha hudhurio lake la kwanza kilionyesha hana maambukizi. Kesho ni siku yake ya kliniki, na wewe ndiye uliyepangwa.

Kuna mambo manne ya kuiga hapa. La kwanza, msomaji ni "wewe", mwenye cheo kinacholingana na chake. Usimpe mwanafunzi wa stashahada nafasi ya mganga mfawidhi, maana atakimbilia kutoa amri ambazo kwa kweli hawezi kuzitoa. La pili, kuna saa: leo mwanamume anasubiri jibu, kesho mwanamke anakuja. Bila saa, kikundi kitasema "tutaliangalia". La tatu, mgonjwa anazungumza kwa kinywa chake. Sentensi moja ya mgonjwa inabeba hofu na heshima kuliko maelezo ya mistari mitano.

La nne ndilo gumu zaidi kwa mwandishi, nalo ni kuacha kitu kimoja muhimu bila kukisema. Kadi haisemi kwa nini dereva anaomba kimya. Huenda anaogopa ndoa kuvunjika, au amepanga kumwambia mkewe akishajifungua, au tayari wanatumia kondomu kwa kisingizio kingine. Muuguzi wa kweli naye hajui mpaka aulize, na kikundi kinachogundua kwamba kinatakiwa kuuliza kabla ya kuamua kimejifunza nusu ya kazi. Lakini acha kimoja au viwili, si zaidi. Ukiacha vitano, diskasheni itageuka kulalamikia kadi kwamba haijakamilika.

Urefu wa maneno sabini hadi mia na ishirini unatosha. Isomwe kwa sauti chini ya dakika moja.

Epuka majina ya makabila na mikoa inayobeba dhana fulani kuhusu watu wake, na usiwape wahusika majina kama hakuna haja. "Dereva" na "mke wake" vinatosha. Zaidi ya yote, usimchukue mgonjwa uliyemhudumia kwenye mafunzo kwa vitendo ukambadilisha umri na kazi, ukadhani umemficha. Wenzako walikuwa wodi hiyohiyo wiki hiyohiyo. Watamtambua, na kadi yako ya kufundisha usiri itakuwa imevunja usiri. Ndiyo sababu nilisema tuanze na sentensi za mhadhara: mkasa unaozaliwa kutokana na mgongano wa kanuni hauna mwenyewe wa kuumia.

Hatua ya nne: maswali ya nyuma ya kadi

Maswali yapangwe kufuata njia ambayo mtu mwenye busara hupitia anapoamua: aone kwanza, apime, atende, kisha ajihoji. Kwa kadi ya dereva, nyuma yake ningeandika haya:

1. Kadi inasema nini hasa, na ni yapi umeyadhania mwenyewe?
2. Ni nani wanaguswa na uamuzi wako, pamoja na wasiokuwepo chumbani?
3. Ni wajibu upi wa mhadhara unaogongana na upi? Taja kwa maneno ya mhadhara.
4. Dereva anasubiri jibu. Sema sentensi yako ya kwanza kwake, kwa sauti, kama unavyoisema kweli.
5. Kesho mke wake ameketi mbele yako. Utafanya nini, na nini hutafanya?
6. Ni taarifa gani moja ingekufanya ubadili uamuzi?

Swali la kwanza linaonekana jepesi, lakini lisirukwe. Karibu kila kikundi kitakuta kimedhania kwamba dereva alipata maambukizi nje ya ndoa baada ya kuoa. Kadi haijasema hivyo. Huenda alikuwa nayo kabla ya ndoa na hakuwahi kupima.

La pili huleta mtoto aliye tumboni, na hapo mwenye noti za ukunga anasaidia. Mama akipata maambukizi mapya wakati wa ujauzito au kunyonyesha, virusi huwa vingi mwilini katika kipindi hicho cha mwanzo, na hatari ya kumfikia mtoto huongezeka. Lakini swali hilohilo linawaleta pia wagonjwa wengine wa kituo. Habari ikienea mtaani kwamba "yule sista alimwambia mke wa fulani", nani atakayekuja kupima tena? Hiyo ndiyo sentensi ya tatu ya mhadhara, sasa ikiwa na sura za watu.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo watu wanalolikwepa. Mwanafunzi atasema, "Ningempa ushauri nasaha." Mwezeshaji amrudishe kwa upole: mwambie sasa, mimi ndiye dereva. Ukimya unaofuata una mafunzo mengi. Wengine huahidi, "Usijali kaka, sitamwambia mtu," na wamejifunga kwa ahadi ambayo huenda sheria na dhamiri vitawataka waivunje. Wengine humtisha. Jibu linalosimama vizuri huwa mahali fulani katikati: "Nimekusikia, kaka. Mimi sitatoka hapa nikaenda kumwambia mtu. Ila kuna mambo yanayomhusu mkeo na mtoto ambayo lazima tuyazungumze mimi na wewe leo, kabla hujaondoka. Kwanza niambie, unaogopa nini akijua?" Halitoi ahadi isiyo na mpaka, na linamfungulia mgonjwa nafasi ya kusema kile ambacho kadi haikukisema.

La tano lipo ili kuvunja fikra ya njia mbili tu, kusema au kunyamaza. Kikundi kikipewa muda kitaona njia nyingine: kumwomba dereva aje na mke wake wapimwe pamoja, kukubaliana naye tarehe ya kumwambia, muuguzi akiwepo akitaka, kumpa kondomu na kumweleza sababu, kumshirikisha mkuu wa kituo bila kutangaza kwa wafanyakazi wote, na kesho, kumwambia mke kwamba kipimo cha VVU hurudiwa katika miezi ya mwisho ya ujauzito na kumwandalia. Kurudia kipimo ni utaratibu wa kawaida kwa wajawazito wengi, kwa hiyo hakufichui siri ya mume. Kutafuta njia hizo kabla ya kufika kwenye njia ya mwisho ndiko kunakotofautisha muuguzi mzoefu na mtu mwenye kanuni kichwani tu.

Maswali ya kuepuka ni yale yanayoanza na "Je, ni sawa…" na yale yenye jibu ndani yake, mfano "Kwa nini muuguzi alipaswa kumlinda mtoto?" Epuka pia "Wewe unajisikiaje?" kama swali la kwanza, hisia ni za kweli, lakini zikitangulia huwa vigumu kurudi kwenye kadi inasema nini.

Hatua ya tano: kadi za mgeuko

Kwa kila mkasa andika vipande viwili au vitatu vya karatasi, kila kimoja kikiwa na badiliko moja tu. Vinafunguliwa baada ya kikundi kufika kwenye uamuzi, kimoja kwa zamu. Kwa dereva wetu:

> Mgeuko A: Si wiki sita. Ametumia dawa kwa uaminifu miaka miwili, na vipimo viwili vya mwisho havikuona virusi kwenye damu yake.

Hapa ujuzi wa tiba unabadili hesabu ya maadili. Mtu anayetumia dawa vizuri na ambaye kipimo hakioni virusi kwenye damu yake hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Katika wiki sita huwezi kusema hivyo, kwani kufubaza virusi kunaweza kuchukua miezi kadhaa. Kwa hiyo hoja ya "kuzuia madhara makubwa", iliyokuwa nguzo ya waliotaka mke ajue, imepungua sana. Je, bado wanataka aambiwe? Kama ndiyo, kwa sababu gani? Hapo watu hugundua kwamba baadhi yao walikuwa wakitetea usalama wa mke, na wengine walikuwa wakitetea haki yake ya kujua. Walikuwa upande mmoja kwa sababu tofauti, na bila mgeuko wasingejua.

> Mgeuko B: Mwenye maambukizi ni mke. Anakuomba usimwambie mume wake, kwa kuwa aliwahi kumpiga na kumtoa nje usiku.

Wajibu ulioandikwa kwenye noti haujabadilika hata herufi moja, ila madhara ya kusema yamehamia kwa mgonjwa mwenyewe. Kikundi kilichosema kwa uhakika "mwenzi lazima ajulishwe mara moja" kitalazimika kueleza kama kinasimama palepale.

> Mgeuko C: Kesho mke anakuuliza: "Dada, juzi nilimwona mume wangu akitoka dirisha lile. Anachukua nini pale?"

Huu haubadili wajibu wowote. Unabadili tu umbali kati ya kunyamaza na kudanganya. Jibu lisemwe kwa sauti, kama lile la swali la nne.

Badiliko moja kwa kila kipande, nasisitiza. Ukibadili muda wa dawa na jinsia kwa pamoja, watu wakibadili msimamo hutajua ni kipi kilichowasogeza, na wao wenyewe hawatajua.

Hatua ya sita: karatasi ya mwezeshaji

Hii haionwi na kikundi mpaka mwisho. Iwe ya upande mmoja, na iwe na mambo matatu: sentensi za mhadhara zinazoguswa, njia ambazo kikundi kingeweza kuzikosa, na sheria inasemaje.

Sheria iandikwe hapa, wala isiandikwe mbele ya kadi, kwa sababu ikitangulia inaua mjadala: watu husema "sheria imesema" na kukaa kimya, hata pale ambapo sheria imeruhusu jambo bila kuliagiza. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008. Inaagiza matokeo ya kipimo yawe siri, kisha inaorodhesha watu wachache wanaoweza kupewa, na mwenzi yumo. Inamtaka pia mtu aliyejua ana maambukizi amjulishe mwenzi wake. Angalia tofauti: wajibu wa kumjulisha mwenzi uko kwa mgonjwa, na kwa mhudumu kuna ruhusa. Ruhusa haikuambii lini uitumie, na hapo maadili yanaendelea pale sheria ilipoishia.

Ukiibeba kadi hiyohiyo kuvuka mpaka, karatasi ya mwezeshaji lazima iandikwe upya. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha 24 katika sheria yake ya mwaka 2006, kilichomtaka mwenye maambukizi awajulishe wenzi wake na kumpa daktari nafasi ya kuwajulisha. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume na Katiba, kwa sababu mojawapo kwamba maneno yake hayakuwa wazi kiasi cha mtu kujua amekatazwa nini. Mkasa ni uleule na maswali ni yaleyale, ila ukurasa wa sheria ni tofauti kabisa.

Kuwa mwangalifu na madesa yanayorithiwa mwaka hadi mwaka. Noti za zamani za Tanzania zitakwambia kwamba mtu chini ya miaka 18 hawezi kuridhia mwenyewe kipimo cha VVU. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, umri ukashushwa hadi miaka 15. Ukitunga kadi ya msichana wa miaka 16 anayetaka kupima bila mama yake kujua, halafu ukategemea desa la mwaka 2017, kikundi kizima kitatoka na jibu lisilo halali. Kwa hiyo kila karatasi ya mwezeshaji iwe na mstari mmoja chini: sheria ilihakikiwa tarehe gani, na kutoka chapa ipi.

Hatua ya saba: kuzitengeneza na kuzitumia

Karatasi ya manila inafaa kuliko ya kawaida, kwa sababu kadi zitapita mikononi mwa watu wengi. Kata ukubwa wa robo ya A4. Mbele mkasa, nyuma maswali, na kwenye kona namba ya kadi na namba za sentensi za mhadhara. Migeuko iwe kwenye vipande vidogo ndani ya bahasha yenye namba hiyohiyo. Kama hakuna mashine ya kuchapa karibu, mwandiko wa mkono unaosomeka unatosha kabisa.

Mtu mmoja asome mkasa kwa sauti, mara mbili. Kisha dakika mbili za ukimya, kila mtu aandike jibu lake la swali la nne kwenye daftari. Ukimya huu usiachwe. Bila huo, mwenye sauti kubwa husema kwanza na wengine hujipanga nyuma yake, hasa pale ambapo kikundi kina mwanafunzi aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa na wengine wanamwona kama dada mkubwa. Huyo awe msemaji wa mwisho. Mwezeshaji naye asitoe maoni yake mpaka migeuko iishe.

Utajua kadi haifanyi kazi kwa dalili chache. Kikundi kikikubaliana ndani ya dakika tatu, mgongano ni dhaifu. Fungua mgeuko mara moja, na nyumbani iandike upya. Kikitumia muda wote kubishana mambo yalikuwaje, umeacha taarifa nyingi mno nje. Kikianza kuzungumza kuhusu "wanaume wa siku hizi", kuna neno ndani ya kadi lililobeba hukumu. Litafute, mara nyingi ni kivumishi. Mazungumzo yakifika huko, mwezeshaji asome tena sentensi ya mwisho ya mkasa na kuuliza: kesho asubuhi ni wewe uliyepangwa, unafanya nini?

Kuna dalili nyingine isiyohusu uandishi. Katika kikundi cha watu watano, kadi ya VVU, ya kipigo au ya mimba iliyoharibika inaweza kuwa maisha ya mtu aliyeketi hapo. Akinyamaza ghafla au akitoka nje, asiulizwe mbele ya wenzake. Kabla ya kuanza, tangaza kwamba mtu yeyote anaweza kusema "napita" bila kutoa sababu, na kwamba hakuna anayetakiwa kutoa mfano wa nyumbani kwake. Mpe kila mmoja nafasi ya kuona mada za kadi siku moja kabla, ili mwenye haja ya kuomba kadi fulani iachwe aombe faraghani.

Mkimaliza, mwezeshaji asome karatasi yake, kikundi kilinganishe na walichoamua, na kila njia mpya waliyoibua iongezwe pale kwa kalamu. Maswali yaliyokwama yaandikwe nyuma ya bahasha na kupelekwa kwa mhadhiri kama yalivyo. Swali kama "sheria inaniruhusu kumwambia mwenzi, lakini mkuu wa kituo amenikataza, nifuate lipi?" halikuwemo kwenye slaidi zake, na linastahili jibu lake.

Rudia kadi ileile baada ya wiki tatu au nne, mtu mwingine akiwa mwezeshaji, kwa kuanzia kwenye mgeuko ambao hamkuufungua.